Tupeane uzoefu: kazi imewekwa Done na jina ni lako, na wewe hukuigusa

Baharia_Mld: Wadau, leo ofisini watu wametoleana macho, "nani kaifunga hii kazi kwenye Jira?" kila mtu si mimi si mimi. Nikakumbuka ya mwaka jana nikacheka peke yangu. Nani yamemkuta? Mlijuaje ni nani?

Kaskazi254: Rahisi tu, angalia assignee ni nani, huyo ndo kafunga.

BintCasuarina: Kaskazi hapo unamponza mtu. Assignee ni mwenye kupewa kazi, kufunga anaweza kufunga yeyote mwenye ruhusa, hata kwa kuburuta kadi kwenye ubao bila kuifungua.

Ngoja niwape yangu. Sisi tunatunza majumba ya wageni hapa Malindi, wenyewe wengi wako Italia. Februari 2025 kulikuwa na kazi ya pampu ya bwawa, fundi anangoja kipuri kutoka Mombasa. Alhamisi asubuhi mwenye nyumba anapiga simu kama moto, maji yamekuwa kijani, wageni wanaingia kesho, na kazi imeandikwa Done! Anasema msimamizi wenu kaifunga Jumatano saa nne usiku. Msimamizi anaapa Jumatano usiku alikuwa harusini Maweni, simu hata hakuishika.

Nikafungua kazi, nikashuka chini kwenye Activity. Hapo ilikuwa kwenye Comments, unaona maoni ya watu tu, ukadhani hakuna kilichotokea. Nikabonyeza History. Fundi kaitoa To Do kuipeleka In Progress Jumatano asubuhi, alasiri kaipeleka Waiting, sawa. Halafu Waiting kwenda Done, jina la msimamizi, na Resolution nayo imejazwa papo hapo. Pale imeandikwa tu ni saa kadhaa zilizopita, nikaweka kimshale juu ya ule muda ikatoka tarehe kamili: Alhamisi tarehe 6, 00:00.

Sasa mwenye nyumba anasema Jumatano saa nne, mimi naona Alhamisi saa sita usiku, tukabishana nani muongo. Kumbe hakuna muongo, kila mtu anaonyeshwa saa ya eneo lililowekwa kwenye akaunti yake, na Februari Italia wako nyuma yetu saa mbili. Ni dakika ileile.

Kilichonishtua ni ile sita kamili. Nani anafunga kazi sita kamili usiku? Nikatafuta zingine zilizofungwa siku zile:

```
status CHANGED TO "Done" DURING ("2025/02/05", "2025/02/07")
```

Ikaleta rundo, nikafungua moja moja History yake, kadhaa zina jina lilelile dakika ileile. Mtu hafungi kazi hivyo. Nikaomba admin aangalie Automation, akakuta kanuni ya kila usiku inayofunga kazi zilizokaa Waiting, na kwenye Actor kumewekwa akaunti ya msimamizi. Audit log ya kanuni ikaonyesha kazi yetu imo. Yaani jina ni lake, mkono si wake.

Baharia_Mld: Wallahi hiyo ya saa sita kamili 😂😂 na msimamizi aliombwa radhi?

BintCasuarina: Nani amuombe? Alipewa soda.

fundi_hewa: Mi nasema hiyo Actor iachwe Automation for Jira, jina la mtu lisiwekwe kabisa. Tulibadilisha kwetu, sasa ukiona jina la binadamu, ni akaunti ya binadamu.

Kaskazi254: Halafu kanuni ikiharibu nani aulizwe? Bora jina la mtu, angalau ana pa kushikwa. Na hiyo History admin si anaifuta tu?

fundi_hewa: Comment ndo inafutika na kuhaririwa. Mstari mmoja wa History hata admin hana kitufe cha kuutoa, labda afute kazi nzima, na hapo mtauliza kazi yenyewe iko wapi.

mzee_wa_Shela: Wanangu, nyie mna bahati. Sisi huku Lamu mapokezi twatumia akaunti moja, zamu ya asubuhi na ya usiku. History yasema "Reception" kila mstari. Saa naipata, mtu simpati. Nalinganisha na daftari la zamu, na wakibadilishana zamu kimyakimya basi tena.

BintCasuarina: Mzee wangu shikamoo, hapo kila mtu apewe akaunti yake.

mzee_wa_Shela: Marahaba mwanangu. Bosi asema akaunti ni pesa.

TajiriWaMida: Mimi naomba kuuliza, group la familia kuna mtu kafuta ujumbe, hiyo History naipata wapi kwenye WhatsApp?

Kaskazi254: Muulize msimamizi wa Bint, yeye hulaumiwa kwa kila kitu 😂

fundi_hewa: Kaskazi hujajibu bado, ukiweka jina la mtu na yule mtu akaacha kazi je?