UZI: Swali la balagha limeandikiwa "JIBU LIKO WAPI?" kwa wino mwekundu. Huyu mtu atatuua!

Mwalimu_Asiyelala:
Wadau, nimetoka kupokea karatasi za hotuba za kidato cha tatu kutoka kwa yule msahihishaji na mikono bado inatetemeka. Simtaji. Mnamjua. Yule anayetembea na kalamu nyekundu mbili mfukoni, ya pili ni akiba isije ya kwanza ikachoka kukata.

Mwanafunzi aliambiwa aandike hotuba ya kuwashawishi waendesha bodaboda wa steji ya mtaani kwao wavae helmeti. Alama 20: hadhira 6, mbinu za lugha 6, mpangilio wa ushawishi 8. Mwongozo tuliupitisha pamoja kikaoni. Alikuwepo, na chai alikunywa.

Binti mmoja wa darasa langu kaandika hivi:

"Ndugu zangu wa steji, najua mnachosema. Helmeti ina joto. Abiria wanaikataa kwa sababu ya nywele zao. Askari akitokea mnaivaa, akiondoka mnaitundika kwenye usukani. Basi siku utakapoanguka, nani atamwambia mwanao kwamba helmeti ilikuwepo, ila ilikuwa inaning'inia kwenye usukani?"

Nilipoisoma mara ya kwanza niliiweka karatasi chini nikanyamaza. Sasa someni alichoandika pembeni ya hapo, kwa herufi kubwa, na mstari chini yake: JIBU LIKO WAPI?

JIBU LIKO WAPI!! Alitaka mtoto aandike nini? "Atamwambia shangazi"? Swali la balagha linadaiwa jibu kama deni la duka!

Mbinu kampa 2 kati ya 6. Hadhira 1, eti "hakuna itifaki". Mpangilio 4. Jumla 7. Halafu kuna kijana wa darasa la jirani aliyeanza na "Mheshimiwa mgeni rasmi, wageni waalikwa, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa", akamwaga methali kuanzia haraka haraka haina baraka hadi akili ni mali, na neno bodaboda halionekani tena baada ya aya ya kwanza. Huyo kapata 17. Hotuba ile ungeisoma harusini, ungeisoma mazishini, ungewasomea hata ng'ombe wa Ankole, wote ingewafaa sawasawa.

JIBU LIKO WAPI. Nikifumba macho nayaona maandishi yale.

Sebo_wa_Mbale:
😂😂😂 Na mimi nauliza, jibu liko wapi? Tumesubiri aya nzima.

Nyabo_Chaki:
Mwalimu pole, lakini kwenye itifaki simuungi mkono binti wako. Hotuba ni hotuba. Unaanza na mwenye cheo kikubwa unashuka hadi wananchi. Bila hivyo hiyo ni barua au mazungumzo. Hata mbinu, mwanafunzi akiweka methali tano mimi naona kajitahidi, nampa zote.

Mwalimu_Asiyelala:
@Nyabo_Chaki dada yangu, steji ya bodaboda ina mgeni rasmi? Nani, mwenye kibanda cha roleksi? Ukisimama pale na "itifaki imezingatiwa", kabla hujafika kwenye neno helmeti wote wameshawasha pikipiki.

Emsii_Mbarara:
Mimi ni emsii wa harusi na nasema wazi, watu hawasikilizi hotuba, wanasubiri chakula. Mwaka jana baba wa bwana harusi aliongea mpaka keki ikayeyuka. Huyo apewe alama ngapi?

Mzee_wa_Insha:
Nimesahihisha insha na hotuba miaka mingi. Tusitazame wino, tumtazame binti.

Kwanza hadhira. Ukisahihisha hadhira usitafute salamu, tafuta dalili kwamba mwandishi anawajua watu anaowasemesha. Binti kataja joto, nywele za abiria, na kuvaa kwa kumwogopa askari. Hizo ni sababu za watu wa steji wenyewe, na hotuba ile huwezi kuihamishia kwa wauguzi bila kuivunja. Kisha tazameni viambishi. Anaanza "mnachosema", "mnaivaa", "mnaitundika", anazungumza na kundi. Akifika kwenye pigo anageuka: "utakapoanguka", "mwanao". Kila mmoja kajikuta peke yake. Mtoto anayefanya hivyo anaiona hadhira yake. Mimi ningempa 5.

Pili mbinu. Hazihesabiwi kama maharage. Nikikutana na mbinu naiondoa, au naigeuza kauli ya kawaida, kisha naangalia kama kuna kilichopungua. Andika "hakuna atakayemwambia mwanao kuhusu helmeti" uone ilivyolala. Swali lile linafanya kazi kwa sababu msikilizaji analijibu kimoyomoyo, na jibu linamuumiza. Sasa chukua zile methali za yule kijana, zifute zote. Hoja inabaki pale pale, kwa hiyo hazikuwa zinabeba kitu.

Lakini Mwalimu, karatasi uliyoweka hapa umeikata. Hotuba ilimalizikaje?

Mwalimu_Asiyelala:
Ilimalizika vizuri! "Kwa hiyo tuvae helmeti daima, tulinde maisha yetu."

Mzee_wa_Insha:
Basi 4 za mpangilio si wizi mkubwa. Kajenga vizuri: kataja pingamizi zao kabla hawajazitoa, kisha kapiga. Ila pingamizi ya joto hakuijibu, aliitaja akaipita. Na baada ya pigo kama lile msikilizaji anauliza, "sasa nifanye nini?" "Daima" si ombi. Angesema kuanzia kesho asiyevaa helmeti asipewe zamu ya abiria hapa steji, hilo mwenyekiti wa steji angeweza kulitekeleza. Ningempa 5 kwa mpangilio, na mbinu 4 kwa sababu swali lile liko peke yake. Jumla 14.

Mwalimu_Asiyelala:
14 na 7 ni mbali, Mzee! Na bado hujaniambia yule mtu alipata wapi ujasiri wa kuandika JIBU LIKO WAPI.

Nyabo_Chaki:
Nimepata karatasi ya swali kwa mwenzangu. Mbona hamkusema imeandikwa "katika mkutano ulioitishwa na mwenyekiti wa LC I"? Mwenyekiti wa kijiji amekaa mbele! Naye ni hadhira. Kutomsalimu ni kutoijua hadhira.

Mwalimu_Asiyelala:
Mwenyekiti haendeshi boda! Anayeshawishiwa ni nani?

Mzee_wa_Insha:
Hapo Nyabo kanishika kidogo. Sentensi moja ya kumtambua mwenyekiti ingetosha. Kama ni ya kukata alama moja au mbili, hilo mjadiliane kikaoni. Tano nzima, hapana.

Sebo_wa_Mbale:
Kikao kipi, kile cha chai? 😂

Kijana_wa_Arua:
Samahani, huu ndio uzi wa kudai matokeo kurekebishwa? Mimi hotuba yangu ilihusu usafi wa soko, nilipata 9. Niliuliza maswali tu toka mwanzo hadi mwisho, yote ya balagha.

Mzee_wa_Insha:
@Kijana_wa_Arua maswali matupu hayashawishi mtu, kijana wangu. Ulidai kitu gani kwa wauza soko?

Kijana_wa_Arua:
Si ndiyo nilikuwa nawauliza.

Mwalimu_wa_Tatu:
Mnapigania alama wakati sisi tuliosahihisha hatujalipwa nauli. Baraza la mawaziri hapa Uganda lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, tukafurahi. Huku shuleni kwetu mwalimu wa Kiswahili ni mimi peke yangu, nafundisha na kilimo, na karatasi za hotuba nimezisahihishia kwenye taksi. Anayetaka usawa wa alama aanze na nauli.

Nyabo_Chaki:
Hilo la nauli naunga mkono kwa mikono miwili. Sisi tuliambiwa Ijumaa. Ijumaa ipi hatukuambiwa.

Emsii_Mbarara:
Mimi kwenye harusi nachukua nusu kabla ya kushika maiki. Jifunzeni.

Mwalimu_Asiyelala:
Jamani, tulikuwa kwenye JIBU LIKO WAPI.

Mwalimu_wa_Tatu:
Nauli iko wapi?