Dashibodi imeandika "Imesasishwa: sasa hivi", namba ni za JANA, halafu ananiambia nirifreshi!!!

Binti_Ripoti
Wakuu nimetoka kikaoni sasa hivi mikono bado inatetemeka, herufi zikipishana mnisamehe. Mnamjua huyu mtu, kila ofisi anaye, sina haja ya kumtaja. Yule aliyetengeneza dashibodi, ukimwambia ina tatizo anakuangalia kama umekuja kumkopa.

Iko hivi. Kila siku saa tatu asubuhi nasoma mbele ya watu kumi na nane idadi ya oda zinazosubiri kutumwa, na kwa namba hiyo bosi anaamua ghalani waongezwe watu au la. Leo nimesoma 4,812. Kwa sauti, nimesimama. Bosi keshaanza kuandika majina ya watu wa kuongeza, msimamizi wa ghala akafungua daftari lake, DAFTARI la kalamu, akasema dada hiyo 4,812 ni ya jana, leo tumeamka na 3,127, tumezihesabu wenyewe.

Kimya. Nzi angepita tungesikia anapumua.

Sasa yeye, aliyekaa pembeni na kikombe chake, akacheka akasema "Dada, si urifreshi tu." Mbele ya watu kumi na nane!! Nikarifreshi, skrini kubwa, wote wanatazama. Ikazunguka, ikarudi 4,812, na chini yake imeandikwa Imesasishwa: sasa hivi. SASA HIVI! Yaani inadanganya na saa inakutajia. Na yeye akainua simu yake akasema "mbona kwangu iko sawa", akanywa kidogo kwenye kikombe.

"Si urifreshi tu." Nitazeeka na hiyo sentensi. Data mpya inaingia kila alfajiri, najua imeingia kwa sababu barua pepe ya kuthibitisha ninayo, sasa hizo namba za jana zinatoka wapi?

kitasa92
Hiyo ni brauza yako dada, imehifadhi ukurasa wa zamani. Bonyeza Ctrl+Shift+R au fungua dirisha la faragha, dakika moja umemaliza. Hasira zote hizi kwa ajili ya vitufe vitatu?

Binti_Ripoti
@kitasa92 na wewe umetumwa naye? Skrini ya kikao ni kompyuta nyingine kabisa, siyo yangu, na bado ilitoa 4,812. Dirisha la faragha nimefungua nimerudi mezani, 4,812. Simu yangu, 4,812. Brauza tatu zote zimeamua kunidhalilisha siku moja?

nyuki_mkali
Hapo kwenye daftari nimecheka mpaka nimeegemea ukuta 😂😂 Seva yenye feni kumi na mbili imepigwa na kalamu

Mzee_wa_Seva
Kitasa hajakosea kabisa, brauza nayo huwa inatunza vitu, ila brauza tatu zikitoa namba moja ya zamani basi tatizo liko nyuma, kwenye seva. Hiyo Ctrl+Shift+R inafika kwenye brauza inaishia hapo, seva ikiamua kukupa jibu ililoliweka tangu alfajiri itakupa hilo hilo hata ubonyeze mpaka kitufe king'oke.

Binti nijibu jambo moja. Ukichuja, mfano uchague aina moja tu ya bidhaa, namba zinabadilika kuwa mpya?

Binti_Ripoti
Ngoja nijaribu.

Mungu wangu. Nimechagua aina moja moja, ziko sita, nimejumlisha kwa mkono: 3,127. Kisanduku cha juu bado 4,812. Ukurasa mmoja!! Kumbe ile simu aliyoinua "mbona kwangu iko sawa" alikuwa ameichuja! Na mimi nimesimama pale kama mtuhumiwa!

Mzee_wa_Seva
Basi ndiyo hiyo, kashe ya seva. Kila swali lina ufunguo wake. Swali kubwa lisilo na filta watu wote wanalifungua, kwa hiyo jibu lake limewekwa na linatolewa lile lile. Ulivyochuja umeuliza swali ambalo halijaulizwa leo, kwenye kashe halipo, ikabidi seva iende kwenye databesi yenyewe ikakuletea kitu kipya. Jumla isipolingana na vipande vyake ujue hapo kuna majibu ya umri tofauti yamekaa ukurasa mmoja.

Na hayo maandishi ya Imesasishwa nahisi yanasoma saa ya ukurasa kuchorwa, siyo saa ya data kuingia. Ndiyo maana kila ukirifreshi yanasema sasa hivi.

Una mtu wa kukuangalizia Redis, pale kashe inapokaa? Mwambie aulize muda uliobaki kabla jibu hilo halijafutika.

FutaYote
Sisi yalitukuta haya haya, nikapiga FLUSHALL ikapona papo hapo. Msizunguke.

Kalamu_Nyekundu
@FutaYote ikapona na watu wote wakatolewa nje ya mfumo, sema ukweli. Ofisini kwetu alitokea shujaa kama wewe, kashe na kumbukumbu za walioingia vilikuwa Redis moja, watu mia mbili wakajikuta wanaombwa nywila kwa pamoja katikati ya kazi. Halafu kashe tupu, kila ukurasa ukaenda kugonga databesi kwa wakati mmoja, ikalala chali. Futa ufunguo unaokuhusu, uache ya wenzako.

FutaYote
Ilirudi baada ya nusu saa tu

Binti_Ripoti
Nimempata kijana wa seva, mtu mwema, hakucheka hata kidogo. Saa nne kamili kaniletea hii:

```
redis-cli TTL dash:oda:muhtasari
(integer) 68388
```

Anasema imewekwa ikae sekunde 86400, siku nzima. Mimi hesabu za sekunde sizitaki, nataka nijue kwa nini niliambiwa nirifreshi mbele ya watu kumi na nane.

Mzee_wa_Seva
Hizo sekunde ndizo zinazomshitaki, usizidharau. Toa 68388 kwenye 86400, unabaki na 18012, ni saa tano na kitu kidogo. Rudi nyuma saa tano kutoka saa nne asubuhi: jibu hilo liliwekwa saa kumi na moja kamili alfajiri. Hiyo barua pepe yako ya uthibitisho wa data ni ya saa ngapi?

Binti_Ripoti
Saa kumi na moja na dakika hamsini.

Zamani ilikuwa inakuja saa kumi na nusu.

Mzee_wa_Seva
Umemaliza kesi mwenyewe. Kuna kazi inayoamka saa kumi na moja kujaza kashe mapema ili nyie mkifika dashibodi ifunguke haraka. Imepangwa kwa saa ya ukutani, siyo kwa data kuwa tayari. Upakiaji ulipokuwa unaisha saa kumi na nusu kazi hiyo ilikuta data mpya, kila mtu akaona mambo safi. Data imeongezeka, upakiaji ukachelewa taratibu, siku ulipovuka saa kumi na moja kashe ikajazwa namba za jana na kufungiwa humo siku nzima. Hakuna aliyegusa kitu, ndiyo maana anaapa kwamba hajabadilisha chochote. Kwa hilo ni mkweli.

Binti_Ripoti
Mkweli!!! Ufunguo ungeondolewa data ilipoingia ningesoma 3,127 nikakaa zangu. "Dada si urifreshi tu." Namwona mpaka nikifumba macho.

mgeni_wa_usiku
Afadhali yako ni ya jana, yangu inaonyesha ya kesho. Usiku watu bado tuko kazini inaruka siku mpya, oda zote sifuri, bosi anapiga simu anadhani tumefunga. Kashe hiyo?

Mzee_wa_Seva
Hapana, hiyo ni saa za seva. Imewekwa saa za ukanda ulio mbele yako, siku yake inageuka yako haijageuka. Fungua uzi wako.

mgeni_wa_usiku
Nikifungua hakuna anayejibu, nimeshajaribu mara mbili

Binti_Ripoti
Mrejesho, ni kesho yake asubuhi. Jana jioni alijibu tiketi kwa neno moja, "Imerekebishwa". Nikalala vizuri. Leo nimefungua saa mbili asubuhi, kabla ya kikao: 3,127. Ya jana! Kijana wa seva ameangalia skripti, anasema ile kazi ya saa kumi na moja imeondolewa kweli, na amri ya kufuta ufunguo imewekwa, lakini imewekwa MWANZO wa upakiaji, saa kumi. Imefuta na bado namba ni za jana, nani kazirudisha saa kumi alfajiri wakati binadamu wote wamelala?

Kalamu_Nyekundu
Mna tivii ya ukutani?

Binti_Ripoti
Ipo ya korido, haizimwi, inajirifreshi kila dakika. Usiniambie.

Kalamu_Nyekundu
Ndiyo yeye. Amefuta saa kumi, dakika moja baadaye tivii ikauliza, kashe tupu, seva ikaenda databesi, upakiaji bado haujafika COMMIT, kwa hiyo kule bado ni jana. Ikaweka jana tena kwa saa ishirini na nne. Kufuta kunatakiwa kuwe baada ya COMMIT.

```
COMMIT;
```

Hapa ndipo pa kufuta, siyo kabla, na amri hii ni ya shell siyo ya SQL:

```
redis-cli UNLINK dash:oda:muhtasari
```

Mzee_wa_Seva
Naongeza kidogo. Hata baada ya COMMIT kuna upenyo: swali zito lililoanza kabla linaweza kumaliza baada ya kufuta na kuandika jibu la zamani juu yake. Mimi napendelea namba ya upakiaji iwe ndani ya ufunguo, kama dash:oda:muhtasari:412, upakiaji ukiisha inakuwa 413 na ya zamani hakuna anayeiuliza tena. Ila dashibodi isome hiyo namba mara moja tu, kabla ya kuuliza databesi, na ihifadhi jibu kwa namba hiyo hiyo. Ikiisoma upya wakati wa kuhifadhi umerudi pale pale.

Kalamu_Nyekundu
Hapo unamwongezea kazi. Oda zinapakiwa mara moja kwa siku, weka muda wa kukaa dakika kumi badala ya 86400, hata ikikosea inakosea dakika kumi.

Mzee_wa_Seva
Na databesi inaulizwa swali zito kila dakika kumi usiku kucha kwa ajili ya tivii ya korido? Hapana.

Kalamu_Nyekundu
Swali la sekunde tatu mzee.

nyuki_mkali
Binti siku nyingine soma daftari 😂

Binti_Ripoti
@nyuki_mkali leo nimelisoma. Nimeenda ghalani nikanakili kwa kalamu, 3,540, nikasoma hiyo, na skrini kubwa nyuma yangu imeandika 3,127 Imesasishwa: sasa hivi. Yeye alikuwa anaangalia kikombe. Nimeomba maandishi yale yaonyeshe saa ya data kuingia, amesema hilo ni la watu wa data, watu wa data wanasema ni la mwenye skrini.

kitasa92
Tivii yenu angalau ina dashibodi, yetu tangu wiki iliyopita inaonyesha ujumbe wa kuomba kuanzisha upya na rimoti haijulikani iko wapi

FutaYote
Chomoa waya

kitasa92
Iko juu ya dari, nani apande

mgeni_wa_usiku
Jamani na hii ya kesho?