Ukoo wa Babu Elia: gumzo la kikundi

Dada Neema, 19:02
Jamani, Mama Mdogo Tabitha anatoka hospitali kesho. Ujumbe wetu uwe tayari leo. Rasimu hii:
"Wapendwa, Bwana asema katika Yeremia 29:11, nayajua mawazo ninayokuwazia wewe, ni ya amani. Kesho utapona kabisa! Watumie wengine 10 ubarikiwe."

Dada Neema, 19:31
Naona tiki za buluu tu. Semeni.

Baraka, 19:33
Akiwatumia 10, sisi ndio hao 10 😂

Kaka Yohana, 19:40
Neema, "wapendwa" ni salamu ya umati, naye ni mmoja. Ya watu 10 ifute. Lakini kubwa ni kwamba umegeuza "ninyi" kuwa "wewe". Ukishasema "Bwana asema", maneno yabaki yalivyo. Ya kubadilisha ni yetu, kabla ya aya na baada yake.

Shemeji Daudi, 19:44
Tuyachape upya basi, ile mishale miwili ya kusambazwa isitokee. Yatakuwa yetu.

Kaka Yohana, 19:47
Mishale itaondoka, ila maneno yaleyale atayatambua. Jaribu kuweka jina la mgonjwa mwingine. Ujumbe ukimfaa na huyo, bado si wa Tabitha.

Shangazi Rhoda, 19:50
Kama ule wa arusi ya Mariamu ulioishia na "poleni kwa msiba". Aliyeutuma yumo humu, kimya.

Dada Neema, 19:51
Shangazi, lile tulilimaliza.

Shangazi Rhoda, 19:51
Mlilimaliza ninyi.

Kaka Yohana, 19:58
Na "kesho utapona" iondoke. Aya ya 10, juu yake tu, inataja miaka 70 Babeli. Ni barua kwa watu wa uhamishoni, wanaambiwa wajenge nyumba na kupanda bustani kwa sababu kurudi si leo. Aya hii inamfaa anayesubiri, haimpi tarehe. Mguu ukimuuma keshokutwa, atadhani imani yake ndiyo haba. Mimi ningeandika:

"Mama Mdogo, hata kitandani ulituuliza habari zetu kabla hatujauliza zako. 'Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya' (Yeremia 29:11). Waliandikiwa watu waliokuwa mbali na kwao, wakingoja. Nawe una magongo na mazoezi bado. Jumanne na Ijumaa tutakusindikiza."

Eunike, 20:15
Nzuri! Naweza kuitumia kwa siku ya kuzaliwa ya mwanangu?

Kaka Yohana, 20:16
Eunike, hapana. Ina magongo.

Babu Elia, 20:40
Neno la Mungu msiliguse. Na hiyo "tutakusindikiza" msiitume bila jina la mtu kwa kila siku.

Dada Neema, 20:58
Sawa Babu. Jumanne nani? Ijumaa nani?

Shemeji Daudi, 21:10
Jumanne mimi.

Dada Neema, 21:34
Ijumaa? Saa nne natuma. Nisipopata jina, naiondoa Ijumaa.

Shangazi Rhoda, 21:41
Jina langu usiliweke chini mpaka la arusi lisemwe.