VPN imewaka, tovuti bado haifunguki: nibadilishe DNS, nchi, au VPN yenyewe?

Steshenari Mwenge
Wakuu, nina steshenari hapa Mwenge. Kuna tovuti ya nje ninakochukua mifano ya kadi za harusi, na kwa mtandao wa dukani imefungwa. Nimeweka WireGuard kwenye laptopu ya Windows, inawaka vizuri, hata nikikagua anwani yangu ya IP naonekana niko Ujerumani. Lakini tovuti inazunguka weee, mwisho ERR_CONNECTION_TIMED_OUT. Nifanye lipi kwanza: nibadilishe DNS, nichague nchi nyingine, au nilipie VPN nyingine? Hela sina za kubahatisha.

Dogo Sinza
Badilisha nchi mkuu. Tovuti imeshajua unatumia VPN. Mimi ilinigomea nikiwa Uholanzi, nikahamia Ufaransa ikafunguka hapohapo.

Kipanga
Dogo, yako ilikuandikia nini? Tovuti ikikugundua, mara nyingi inajibu: unaona 403, au Access denied, au yale majaribio ya kuthibitisha wewe ni mtu ambayo hayaishi. Yaani umebisha hodi, mwenye nyumba ametoka na kukukatalia. Mwenzetu hajajibiwa na mtu. Zipo tovuti zinazokaa kimya, lakini nisingeanzia huko.

Kufungiwa kwa anwani ya IP nako nakuweka kando. Mtoa huduma ili azitupe pakiti zinazokwenda kwenye anwani fulani, lazima aione hiyo anwani. Ukiwa ndani ya VPN anaiona seva ya VPN tu. Inabaki DNS, ile inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani. Acha VPN ikiwa imewaka, weka jina la tovuti yako hapa, utuletee majibu:

```
nslookup tovuti.example
nslookup tovuti.example 1.1.1.1
```

Mama Zuu
Mimi VPN yenyewe haiwaki, inaandika inaunganisha mpaka nakata tamaa. Na mimi nibadilishe DNS?

Kipanga
Hapana Mama Zuu, kwako kinachozuiwa huenda ni njia ya kuifikia seva ya VPN. Kama programu yako inaruhusu OpenVPN kwa TCP, poti 443, jaribu hiyo. Ikigoma, fungua uzi wako tuione vizuri.

Steshenari Mwenge
Amri ya kwanza imeandika `Server: UnKnown`, chini yake `Address: 192.168.1.1`, na anwani ya tovuti ni 10.20.0.5. Ya pili imeleta anwani nyingine kabisa.

Dogo Sinza
Kutofautiana siyo ushahidi. Tovuti kubwa zina anwani nyingi.

Kipanga
Hilo ni kweli, zingekuwa mbili za kawaida nisingesema kitu. Lakini anwani inayoanza na 10 ni ya mitandao ya ndani, tovuti ya dunia nzima haiwezi kukaa hapo. Hilo ni jibu la uongo.

Angalia limepitaje. 192.168.1.1 ni ruta yako ya dukani. Kwa Windows, ruta ni jirani wa chumba kimoja, kwa hiyo swali la jina linakwenda kwake moja kwa moja bila kuingia kwenye VPN. Ruta inamuuliza mtoa huduma, naye anatoa 10.20.0.5. Kivinjari sasa kinaichukua anwani hiyo ya uongo na kuipeleka Ujerumani kupitia VPN. Kule haipo, kinasubiri mpaka muda unaisha. Ndiyo maana ilifanana na kufungiwa anwani.

Fungua faili la WireGuard, chini ya `[Interface]` ongeza:

```
DNS = 1.1.1.1
```

Halafu weka tiki kwenye `Block untunneled traffic (kill-switch)`. Usiiruke, maana Windows ina tabia ya kuuliza majina pande zote mbili, na ruta inaweza kuwahi kujibu. Malizia na `ipconfig /flushdns`.

Steshenari Mwenge
Nimefanya yote. Haizunguki tena, sasa inaleta 403 papo hapo! Na printa ya Wi-Fi imepotea. Nakumbuka ile tiki niliitoa mwenyewe kwa sababu hiyohiyo.

Kipanga
Basi zilikuwa kufuli mbili, ya nyuma ilikuwa imefichwa na ya mbele. Sasa ushauri wa Dogo una kazi. Ila kinachosaidia siyo nchi, ni kupata anwani ambayo tovuti haijaiweka kwenye orodha yake. Seva nyingi za VPN zimepangishwa kwenye vituo vya data, na anwani za vituo hivyo zinajulikana.

Steshenari Mwenge
Uswisi 403. Ufini ilifunguka asubuhi, nikapakua kadi nne. Jioni 403 tena.

Dogo Sinza
Akodi seva yake mwenyewe basi, anwani awe nayo peke yake?

Kipanga
Nayo itakuwa kwenye kituo cha data, tovuti kali itaikataa vilevile. Ningeanza kwa kumwandikia mwenye tovuti.

Mama Zuu
Printa ichomeke kwa waya wa USB, haitahitaji Wi-Fi. Yangu nimebadili kwenda TCP, imewaka mara moja ikakatika. Nafungua uzi.