Ndege ya Dubai inayobeba watu kutoka Bangkok hadi Hong Kong: nichukue au kuna mtego?

Kijana wa Mbauda
Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Niko Arusha, Septemba naenda Bangkok na kutoka hapo nataka kuvuka Hong Kong siku nne, kisha nirudi Bangkok. Tiketi ya KIA hadi Bangkok ninayo, napitia Addis. Sasa natafuta hicho kipande cha Bangkok kwenda Hong Kong na kurudi, nimekutana na Emirates dola 214, begi limo, chakula kimo, ndege yenyewe ni ile A380 ya ghorofa mbili. Kampuni ya Dubai inauzaje safari isiyogusa Dubai? Oda yangu inafutika kesho saa sita mchana. Nina wasiwasi, usingizi hauji. Naombeni ushauri.

Mangi wa Soweto
Mkuu hiyo ni kawaida, inaitwa uhuru wa tano wa anga. Ni kama KLM inavyotua KIA halafu inaendelea Dar. Ndege ni ya Uholanzi lakini inabeba watu ndani ya Tanzania. Lipa, ulale.

Mzee wa Rau
Mwanangu, mimi mwaka 2014 nilikuwa Lusaka kwenye harusi ya mpwa wangu, nikataka kufika Harare kumwona rafiki wa zamani. Basi lilikuwa la kuchosha, mpaka wa Chirundu unajulikana. Nikapanda hao hao Emirates, walikuwa wanatoka Dubai, wanashusha Lusaka, wanaendelea Harare. Ndege kubwa, nusu ya viti tupu, nikalala safu nzima peke yangu. Kabla sijaota ndoto tumefika. Harusi nayo ilifana sana.

Nakaaya wa Moshono
Kijana, kabla ya kuuliza ndege jiulize kama Hong Kong ina ulazima. Vijana wa siku hizi safari ni za picha. Dola 214 ni tofali ngapi?

Dada Tiketi
Nimekata tiketi Moshi mjini miaka 14, ngoja niseme ninachokijua.

Kaka Mangi, nusu umepatia. Jina ni sahihi, mfano sio. KLM hawawezi kukuuzia KIA hadi Dar, jaribu uone. Ukitoka nchi moja na kushukia nchi hiyo hiyo, hiyo ni biashara ya ndani, na tangu mkataba wa Chicago wa 1944 kila nchi ina haki ya kuwaachia watu wake. Uhuru wa tano ni kati ya nchi mbili za kigeni, kwenye safari inayoanzia au kuishia nyumbani kwa kampuni. Hiyo ya Mzee wa Rau ndiyo yenyewe.

Kwa nini bei ni nzuri? Ndege inatoka Dubai imejaa. Ikifika Bangkok, watu wengi wanashuka, na lazima iendelee Hong Kong kwa sababu kuna waliolipa kufika huko. Mafuta, marubani, ada za kutua, vyote vitalipwa hata viti vikienda vitupu. A380 ina viti karibu 500. Kwa hiyo chochote watakachopata kwa kiti kilichoachwa wazi Bangkok ni heri kuliko hewa. Na Bangkok–Hong Kong ina mashindano makali, kampuni nyingi zinapita hapo, hawawezi kujipangia bei wanavyotaka.

Lakini upepo hugeuka. Wanaotoka Dubai moja kwa moja hadi Hong Kong wakiwa wengi, kampuni inawatanguliza hao kwa kuwa wanalipa zaidi, na viti vya bei ya chini vinafungwa. Mwaka Mpya wa Kichina ni hivyo. Septemba, wakati wa maonyesho ya vito ya Bangkok na Hong Kong, usishangae ukikuta imepanda.

Kijana, hao wa bei rahisi umewalinganisha?

Kijana wa Mbauda
Ndiyo dada. Kuna moja nimeona dola 148, ila begi ni dola 34 kila upande, jumla 216.

Dada Tiketi
Na inatua uwanja gani?

Kijana wa Mbauda
Don Mueang.

Dada Tiketi
Ndiyo nilichokuwa naogopa. Ndege yako ya Addis inatua Suvarnabhumi, na Emirates pia. Don Mueang ni uwanja mwingine, upande wa pili wa jiji. Ongeza teksi na foleni. Kwa hiyo kwako 214 ni bei nzuri kweli, sio ya kwenye karatasi tu.

Sasa swali ambalo hujaligusa. Viza yako ya Thailand ni ya kuingia mara ngapi?

Kijana wa Mbauda
Ni ya siku 60 dada. Nitakaa siku kumi na moja tu kwa ujumla.

Dada Tiketi
Mdogo wangu, sikuuliza siku. Nimeuliza mara ngapi. Soma kwenye viza.

Kijana wa Mbauda
Imeandikwa "Single". Lakini wakala aliyenisaidia alisema siku 60 zinatosha kabisa, na mimi sitazidisha. Na viza nimeshailipia, siwezi kuanza upya.

Mangi wa Soweto
Duh. Hapo ukitoka kwenda Hong Kong umeimaliza. Ukirudi Bangkok ni mgeni usiye na viza.

Kijana wa Mbauda
Mkuu usinitishe. Sijatoka nje nikaishi, ni siku nne tu.

Dada Tiketi
Hata saa nne. Ukigongewa muhuri wa kutoka, ruhusa ya kukaa imekufa. Na hutafika hata Bangkok kubishana, kaunta ya Hong Kong watakuzuia kupanda, maana wakikupeleka bila viza gharama ya kukurudisha ni yao.

Njia nyepesi: je, lazima urudi mjini Bangkok? Ukibeba begi la mkononi tu, unaweza kushuka Suvarnabhumi, ukabaki ndani bila kupita uhamiaji, ukaenda dawati la kuunganisha ndege na kupanda ya Addis siku hiyo hiyo. Ina hatari yake, kwa kuwa ni tiketi mbili tofauti. Ya kwanza ikichelewa, ya pili haikusubiri na haikupi pole. Au waombe waliokuuzia tiketi ya Addis wabadili kurudi kwako kuanzie Hong Kong, kama wana ndege huko, na Emirates ununue kwenda tu.

Kijana wa Mbauda
Haiwezekani. Lazima niingie mjini siku mbili za mwisho.

Nakaaya wa Moshono
Kuna binti huko?

Kijana wa Mbauda
Hapana mama. Kuna vitu nitaviacha kwa mtu.

Dada Tiketi
Vitu gani? Ukificha nitakushauri vibaya.

Kijana wa Mbauda
Sawa. Ni mawe. Mimi na mjomba tuna tanzanaiti kidogo, tunampelekea mkataji Bangkok. Atahitaji kama siku sita. Wakati anakata, mimi naenda Hong Kong kuonana na wanunuzi wawili, nikiwa na mawe machache tuliyokwisha kukata hapa. Nikirudi nachukua yaliyobaki. Ndiyo maana ratiba haigeuki, na ndiyo maana sikutaka kusema hadharani. Nadhani mnanielewa.

Mchimbaji Mstaafu
Mimi sielewi. Nimekaa Mirerani miaka mingi. Asubuhi mtalii, mchana una mkataji, jioni una wanunuzi Hong Kong. Dalali mwenye mjomba mwenye mawe hajui viza ya "Single"? Na kwa nini jina la kampuni ya ndege na bei vimetajwa mstari wa kwanza? Huu uzi umetungwa. Ama ni tangazo la tiketi, ama kuna mtu anapima upepo wa kupitisha mawe. Na huyu Dada anajibu haraka mno.

Mangi wa Soweto
Na mimi nimeanza kuhisi. Kijana, mawe yana kibali?

Dada Tiketi
Kaka Mchimbaji, hiyo kampuni haitui hata KIA, mimi nitapata nini kwa kuitangaza? Wateja wangu wengi wanapita Addis na Doha.

Kijana wa Mbauda
Wazee, naumia. Mawe yamepimwa na kulipiwa mrabaha sokoni, yamefungwa na kuwekwa lakiri mbele ya ofisa, kibali cha kusafirisha kiko kwa jina la mjomba na langu. Safari zote zilizopita alikwenda mjomba, na alikuwa anaishia Bangkok. Mwaka huu miguu imemkataa. Hong Kong hajawahi kufika hata yeye. Kama ningekuwa najua, ningeuliza nini?

Mchimbaji Mstaafu
Lakiri ikifunguliwa Bangkok, hayo unayovuka nayo Hong Kong utayatolea maelezo gani?

Kijana wa Mbauda
Yako kwenye pakiti ya pekee, na kibali chake cha pekee.

Mchimbaji Mstaafu
Hapo umenijibu kama mtu wa mawe. Bado sijaamini yote, lakini endeleeni.

Dada Tiketi
Haya, turudi kwenye safari. Kwa kuwa lazima uingie tena, dawa ipo na haihitaji viza mpya. Uhamiaji wa Thailand wana kibali cha kuingia tena. Unajaza fomu TM.8, unatoa picha, pasipoti na baht 1,000, wanakugongea muhuri unaolinda ruhusa uliyopewa mara ya kwanza. Unaweza kukipata Suvarnabhumi siku ya kuondoka, kwenye dawati lao kabla hujagongewa muhuri wa kutoka. Ukishapita bila hicho kibali hakuna kurudi nyuma. Fika mapema kuliko kawaida, foleni inaweza kukuaibisha. Na kumbuka hakikuongezei siku, tarehe ya mwisho inabaki ile ya mwanzo. Kwako zinatosha.

Hong Kong kwenye kaunta onyesha ukurasa wa huo muhuri kabla hawajauliza.

Jambo jingine kuhusu hii ndege. Inatoka Dubai, na Bangkok hawana nyingine ya akiba iliyoegeshwa. Ikichelewa Dubai, nawe umechelewa, na sio kampuni yenye safari kumi kwa siku kwenye njia hiyo. Uzuri ni kwamba utajua mapema. Dubai hadi Bangkok ni kama saa sita angani, kwa hiyo ukiamka angalia kama EK384 imeruka usiku. Imeruka, nenda uwanjani. Haijaruka, wapigie kabla hujatoka hotelini. Kurudi haikusumbui sana, una siku mbili kabla ya ndege ya Addis. Ungekuwa unaunganisha siku hiyo hiyo, nisingekushauri hata kwa dola 100.

Mzee wa Rau
Sasa nimeelewa kwa nini ile ya Lusaka tuliisubiri mpaka jioni. Sisi tulidhani mvua.

Nakaaya wa Moshono
Mwanangu, nilikuhukumu haraka. Mpe pole mjomba.

Kijana wa Mbauda
Asante mama. Nimelipa saa tano na nusu, oda ilikuwa bado hai, ila imesoma 221, sijui kwa nini. Picha za fomu nimepiga studio ya karibu na stendi ndogo. Dada, hizo baht nibadili hapa Arusha au huko?

Dada Tiketi
Huko. Lakini siku ya kufika, sio siku ya kutoka.

Mangi wa Soweto
Na Mombasa je? Ndege ya kigeni ikitua KIA ikaendelea Mombasa, hiyo naruhusiwa kupanda?

Dada Tiketi
Hiyo ni nchi mbili, kwa hiyo inawezekana, kama Tanzania na Kenya zote zimewakubalia wauze hicho kipande. Nipe tarehe, nikuangalizie.