Naomba ushauri: uzito wa tabaka unaruka ovyo

Habari wakuu. Niko Dodoma, najaribu kukadiria mavuno ya zabibu kutokana na mvua, kwa mtandao wa neva wa kompyuta. Nilivyoelewa, tabaka huzidisha kila kinachoingia kwa uzito wake, hujumlisha na kupeleka mbele. Kisha kosa hurudi nyuma kurekebisha uzito.

Nimeanza na uzito mmoja tu, 0.5. Mvua milimita 600, jibu likatoka 300 badala ya tani 3. Kosa 297 mara 600 mara kasi ya kujifunza 0.1 ni 17,820, kwa hiyo uzito ukaporomoka hadi -17,819.5! Raundi kadhaa mbele nikaona `nan`.

Nikiandika mvua kwa mita, 0.6, uzito unapanda taratibu, hadi 0.662 raundi ya kwanza. Je, nibaki na mita, au nirudi milimita nipunguze kasi? Na nikiongeza joto la nyuzi 30, nalo niligawanye?