Barua pepe ya kuomba kupikia ofisi chakula cha mchana Kampala: nitume ipi kati ya hizi tatu?

Jikoni_Bugolobi

Wakuu, habari za leo. Napika Bugolobi, nina wasaidizi watatu na jiko linaloweza kutoa sahani themanini kabla ya saa sita mchana. Kazi yangu kubwa ni hafla za mwisho wa wiki. Jumatatu hadi Ijumaa masufuria yamelala, na kodi ya nyumba hailali. Nataka kuwaandikia mameneja wa ofisi za Nakawa, Industrial Area na Nakasero ambao hawanijui kabisa. Wengi nitawaandikia kwa Kiingereza, lakini kuna kampuni za mizigo zenye Wakenya na Watanzania wengi, hao nitawaandikia kwa Kiswahili. Nina rasimu tatu.

Ya kwanza ni ndefu. Inaeleza kampuni ilivyoanza, chakula cha mchana, chai ya saa nne, mikutano na sherehe za mwisho wa mwaka, na ina menyu ya kurasa sita kwenye PDF. Mwisho nimeandika kwamba mteja anaweza kulipa baada ya siku 30.

Ya pili ni hii tu: "Habari. Napika Bugolobi. Naomba niwaletee chakula cha kuonja cha watu watano Jumatano, bila malipo: matoke, wali, nyama na mchuzi wa karanga. Naweza kuja?"

Ya tatu inauliza swali: "Wafanyakazi wenu hula wapi mchana, na mnapata shida gani?" Binamu yangu anayeuza bima ameniambia watu hujibu maswali kuliko matangazo.

Nitume ipi?

Kasim_Sokoni

Dada, unapoteza muda kuchagua. Biashara ni namba. Tafuta anwani 300, ziweke zote kwenye BCC, tuma hiyo ya kwanza yenye kila kitu asubuhi ya Jumatatu. Wawili watatu hawakosi. Na weka bei wazi, watu wa Kampala huuliza bei kabla ya salamu.

MezaYaUtawala

Nyabo, mimi ndiye ninayepokea barua hizo. Nasimamia ofisi Nakasero na nimebadilisha wapishi mara kadhaa, kwa hiyo nitakwambia jinsi zinavyosomwa upande huu.

Ya kwanza siifungui hadi mwisho. Si kwamba ni mbaya, ila imeomba vitu vinne kwa pamoja, na mimi sina uamuzi wa vitu vinne. Sherehe ya mwisho wa mwaka inaamuliwa na mkurugenzi. Chai ya saa nne tunachemsha wenyewe. Kilichobaki mkononi mwangu ni chakula cha mchana, na hicho umekizika katikati.

Ya tatu inanipa kazi. Kukujibu lazima nikae niandike habari za ofisi yetu kwa mtu nisiyemjua. Wa bima anaweza kuuliza hivyo kwa sababu anakuja kuzungumza. Wewe una chakula, nieleze chakula.

Ya pili ndiyo ningeijibu, lakini haijakamilika. Utamu hauniogopeshi, hapa mjini wapishi wazuri ni wengi. Ninachoogopa ni saa saba kasorobo, watu 40 wamesimama jikoni na gari la chakula limekwama Jinja Road. Siku hiyo hakuna anayemlaumu mpishi, wananilaumu mimi. Kwa hiyo barua inijibu mambo matatu: chakula kinafika saa ngapi, idadi ya watu nakupa lini na inaweza kubadilika kiasi gani, na tunalipana vipi. Mpishi tunayefanya naye kazi sasa aliyaandika hayo kwenye barua yake ya kwanza. Niliituma kwa mhasibu kama ilivyo bila kuongeza neno.

Kuhusu idadi, usikubali kirahisi "tutakupigia asubuhi". Wewe unanunua sokoni alfajiri. Sema idadi ije jana yake saa kumi jioni, na hadi saa tatu asubuhi ofisi iruhusiwe kupunguza au kuongeza sahani tano. Ofisi ya watu 40 haina watu 40 kila siku. Kuna walio Entebbe, kuna walio likizo. Bila mpaka huo, mwezi wa pili mtagombana kuhusu sahani nane ambazo hakuna aliyezila.

Kasim_Sokoni

Sawa, lakini ukiandikia ofisi tano tu utakaa na njaa. Idadi bado ni muhimu.

MezaYaUtawala

Hapo nakuunga mkono, kaka Kasim. Anachopaswa kuacha ni BCC. Barua moja kwa watu 300 kutoka anwani mpya huishia kwenye kapu la takataka, hasa ikiwa na kiambatanisho kizito, na baada ya hapo hata barua zake za kawaida zinaanza kupotea. Aandike kumi kwa siku, kila moja ikitaja mtaa na jengo. Anaweza kujua tatizo lipo akijitumia mwenyewe kwenye Gmail na Yahoo aone imeangukia wapi. Jumatatu asubuhi nina mikutano na ankara za wiki iliyopita, Jumanne au Jumatano saa nne ni afadhali. Asipojibiwa kwa wiki moja, akumbushe mara moja kisha apige simu ya mapokezi.

Na anwani azitoe kwenye tovuti za ofisi zenyewe. Orodha za kununua zina majina na namba binafsi za watu, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 mtu ana haki ya kukuandikia uache kutumia taarifa zake kumtangazia. Akisema ondoa, ondoa.

Hafla_Entebbe

Dada Jikoni, pole na kazi. Mimi kwanjula, sherehe ya utambulisho wa wachumba, ya watu 400 siendi bila asilimia 70 mkononi. Mwaka jana familia moja iliniahidi salio baada ya sherehe, wageni wakala, hema likang'olewa, na simu zikazimwa. Kwa hiyo usimpe mtu yeyote siku 30. Tena tafuta hema lako mwenyewe, kukodisha kunamaliza faida.

Jikoni_Bugolobi

Asante kaka Hafla. Hema ninalo la zamani, ila hapa nauliza habari za ofisi, chakula cha kila siku. Hilo la malipo ndilo limenigusa. Niliweka siku 30 kwa sababu nimesikia kampuni kubwa hazilipi kabla.

Mhasibu_Ntinda

Hebu tulipige hesabu, maana hapa ndipo wapishi wengi wazuri wanapofia.

Chukua ofisi moja ya watu 35, sahani shilingi 12,000. Kwa siku ni 420,000. Kwa mwezi wa siku 22 za kazi ni 9,240,000. Ukiandika "siku 30", mhasibu wao ataelewa hivi: unapeleka ankara mwisho wa mwezi, siku 30 zinaanza kuhesabiwa hapo. Sahani ya tarehe mosi italipwa baada ya kama miezi miwili. Kufikia siku hiyo umeshapika za shilingi 18,480,000. Tuseme chakula, mkaa, mishahara na usafiri vinakula shilingi sita katika kila kumi. Basi umetoa mfukoni karibu milioni 11 kwa mteja mmoja kabla hujaona senti. Ukipata wateja watatu kwa barua nzuri, barua hiyo hiyo itakufunga jiko.

Kampuni ikiwa wakala aliyeteuliwa na mamlaka ya kodi, URA, kukata kodi ya zuio, itakata asilimia 6 ya malipo yanayozidi milioni moja, isipokuwa kama una cheti cha msamaha. Kwa mwezi ule ni 554,400. Pesa hiyo haijapotea, unaidai kwenye kodi yako ya mapato, lakini mwezi huo huna. Na watataka ankara ya EFRIS, mfumo wa URA wa ankara za kielektroniki. Kama hujajisajili, fanya hivyo kabla ya kutuma barua. Nimeona mpishi akisifiwa na ofisi nzima halafu uhasibu ukamkataa kwa sababu risiti yake ni ya kitabu.

Ushauri wangu: lipwe kila wiki. Ijumaa wanathibitisha idadi ya wiki ijayo, Jumatatu wanalipa. Wiki ya watu 35 ni 2,100,000. Ofisi za kati hukubali. Mashirika makubwa yenye taratibu za zabuni hayatakubali, na kwa mtaji wako hayo yaache kwanza.

MezaYaUtawala

Sisi tunalipa kila wiki mbili na mpishi hajalalamika. Kulipa kabla, mkurugenzi wangu asingesaini kwa mgeni. Labda mwezi wa kwanza alipwe Ijumaa kwa kilicholiwa, kisha wazungumze.

Mhasibu_Ntinda

Ijumaa kwa kilicholiwa pia ni salama, anabeba wiki moja tu. Ila iwe Ijumaa kweli.

Boda_Mbuya

Mimi hubebea ofisi chakula. Menyu ya siku ya kuonja uifikirie. Matoke yakikaa ndani ya majani yanabaki laini na moto, lakini ukiyapakia mapema kwenye makopo ya foili yenye kifuniko, yanatoa maji, na yakipoa yanakuwa magumu. Mpishi mmoja aliyabebesha hivyo hadi Ntinda, yakafika saa saba. Hakuna aliyemwita tena. Kama huna hotipoti kubwa, siku ya kwanza peleka wali na luwombo, kitoweo kinachopikwa ndani ya jani la mgomba, jani lenyewe linashika moto. Na wekeni oda zote za mtaa mmoja kwenye safari moja. Bugolobi hadi Nakawa ni karibu, Nakasero saa sita mchana ni safari nyingine kabisa.

Jikoni_Bugolobi

Basi naanza na Nakawa na Industrial Area. Nakasero itasubiri. Nimeandika upya, someni:

"Habari za kazi. Napika Bugolobi na natafuta ofisi mbili za Nakawa za kuhudumia chakula cha mchana, kuanzia sahani 20 kwa siku. Chakula kinafika saa sita na nusu. Idadi mnanipa jana yake saa kumi jioni, na hadi saa tatu asubuhi mnaweza kubadilisha sahani tano. Mwezi wa kwanza mnalipa kila Ijumaa kwa kilicholiwa, na ankara ni ya EFRIS. Sahani ni shilingi 12,000: wali, luwombo ya kuku au nyama, na mboga. Jumatano naweza kuleta sahani tano za kuonja bila malipo. Nije mapokezi saa sita na nusu?"

Kichwa cha barua: Chakula cha mchana Nakawa, saa sita na nusu. Hafla sijazitaja popote.

MezaYaUtawala

Hii ningeijibu. Hafla zitakuja zenyewe, mkutano wa bodi ukitokea nitamwita anayetulisha kila siku. Bei tu ningeitoa. Ofisi ya sahani 20 na ya 60 hazilipi sawa, na ukishaandika 12,000 hutaweza kupanda.

Kasim_Sokoni

Bei ibaki. Bila bei mimi siendelei kusoma.

Mhasibu_Ntinda

Nami ningeiacha, lakini iandikwe "kwa sahani 20 hadi 40". Halafu dada, kuku wako ni wa kuchinjwa halali? Kampuni za mizigo za Nakawa zina Waislamu wengi, na hawatauliza kwa barua, watakaa kimya tu.

Jikoni_Bugolobi

Ni halali, nanunua kwa mchinjaji mmoja wa Kiislamu. Naongeza mstari huo sasa hivi. Bei nitazijaribu zote mbili, nusu ya barua nikiiweka na nusu bila.